Mzigo Umefika, Kesi Imeanguka

Tuanze na kesi ya mfano, ya aina ambayo wauzaji wa kazi za mikono nchini Kenya wanaijua vizuri. Muuzaji yuko Machakos, anasuka vyondo vya katani na kuviuza nje. Mteja wa Minneapolis, Marekani, anaagiza vyondo sita na kulipa dola 310 kwa PayPal, nauli ya posta ikiwamo. Malipo yanaingia tarehe 3 Machi. Tarehe 5 muuzaji anaupeleka mzigo posta, anautuma kwa EMS na kupewa risiti. Tarehe 14 mzigo unafika mlangoni kwa mteja. Tarehe 2 Aprili mteja anafungua lalamiko: hajapokea kitu. Tarehe 20 Aprili inaingia barua pepe fupi kwamba kesi imefungwa na mnunuzi amerudishiwa fedha zake. Muuzaji akifungua akaunti, zile dola 310 hazipo. Vyondo navyo viko Minneapolis.

Mtu akifikwa na jambo hili, kitu cha kwanza kinachomjia ni kwamba ameitwa mwongo. Anakaa chini na kuandika maneno mazito: amefanya biashara miaka mingi, ana watoto wa kusomesha, mteja ni tapeli. Namwelewa, kwa sababu niliwahi kuandika barua ya namna hiyo mwenyewe, kwa jukwaa ambalo sitalitaja, kuhusu kamera niliyoiuza. Niliandika kurasa mbili. Jibu lilikuja na mistari mitatu: hakuna taarifa mpya, uamuzi unabaki. Nilikasirika sana. Baadaye, niliposoma tena nilichokuwa nimekituma, niliona kwamba walikuwa sahihi kwa jambo moja. Katika kurasa zile mbili hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho hawakuwa nacho tangu mwanzo.

Ndiyo maana nataka tuitazame kesi hii ya Machakos kwa makini. Mara nyingi anayeamua kesi hajakukana wewe. Amekosa kiungo kimoja katika mnyororo wa ushahidi, na rufaa ni nafasi ya kukitafuta kiungo hicho na kukiweka mahali pake.

Kwanza tuone kesi ilivyopita, maana muda ndio unaowaponza wengi kabla hata ya ushahidi. Mnunuzi ana siku 180 tangu alipe kufungua lalamiko PayPal. Lalamiko likifunguliwa, linakuwa ni mazungumzo tu kati ya mnunuzi na muuzaji, na PayPal bado haiamui. Mnunuzi ana siku 20 kulipandisha liwe dai rasmi; asipofanya hivyo linajifunga lenyewe. Likishapandishwa, muuzaji hupewa siku 10 kujibu, na akinyamaza anashindwa bila kusikilizwa. Wapo wanaoshindwa kwa njia hiyo tu, kwa kuwa barua pepe iliangukia kwenye kapu la barua taka. Muuzaji wetu hakunyamaza. Dai lilipandishwa tarehe 9 Aprili, naye akajibu tarehe 11. Aliandika namba ya kufuatilia mzigo, kampuni ya usafirishaji akachagua “Other”, akaongeza maneno kwamba mzigo umefika na mteja aulize majirani. Hakuambatisha karatasi yoyote.

Sasa jiweke katika nafasi ya mwamuzi. Dai ni kwamba mzigo haukufika. Kwa dai la aina hii, masharti ya ulinzi wa muuzaji ya PayPal yanataka uthibitisho wa kufikishwa, na yanaeleza uthibitisho huo ni nini: kumbukumbu ya msafirishaji inayoonyesha kwamba mzigo umekabidhiwa, tarehe ya kukabidhiwa, na anwani ya mpokeaji walau kwa kiwango cha mji au msimbo wa posta, ikilingana na anwani iliyo kwenye ukurasa wa muamala. Kama malipo yote yamefika dola 750 au zaidi, inatakiwa pia saini ya mpokeaji. Dola 310 ziko chini ya hapo, kwa hiyo saini haikuwa lazima. Mwamuzi alihitaji kuona tu kwamba namba ile inaongoza kwenye neno “Delivered” na mji wa Minneapolis. Aliichukua namba, akaitafuta, na hakupata kitu.

Hakupata kwa sababu muuzaji aliinukuu vibaya. Kwenye risiti namba ilikuwa EE104263756KE. Yeye, akiandika kwa simu usiku, aliandika EE104236756KE. Tarakimu mbili, 6 na 3, zilibadilishana nafasi. Kosa dogo namna hiyo ndilo lililombeba mteja.

Namba hizi hazitungwi ovyo. Mashirika ya posta duniani, chini ya Umoja wa Posta Duniani, hutumia mfumo mmoja uitwao S10. Namba ina alama 13: herufi mbili za kueleza aina ya huduma, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka. EMS huanza na E, mizigo iliyosajiliwa huanza na R, na vifurushi vya kawaida huanza na C. Mwishoni Kenya ni KE, Tanzania ni TZ. Katika zile tarakimu tisa, ya mwisho si sehemu ya hesabu ya mzigo. Ni tarakimu ya ukaguzi, inayokokotolewa kutokana na nane zilizotangulia ili makosa ya kunukuu yagundulike.

Hesabu yenyewe mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua zile tarakimu nane, zidisha kila moja kwa mfuatano huu: 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Jumlisha, gawanya kwa 11, kisha toa baki kwenye 11. Jibu likiwa 10, tarakimu ya ukaguzi ni 0. Likiwa 11, ni 5.

```
1 0 4 2 6 3 7 5  -> 159, baki 5, 11 - 5 = 6
1 0 4 2 3 6 7 5  -> 165, baki 0, 11 - 0 = 11, yaani 5
```

Mstari wa kwanza unatoa 6, na ndiyo iliyopo kwenye risiti. Mstari wa pili, ule wa namba aliyoituma muuzaji, ungepaswa kuishia na 5, lakini yeye aliandika 6. Namba ile basi haiwezi kuwa ya mzigo wowote wa posta. Hili si jambo la kujionyesha kwa mwamuzi kwa kirefu, lakini linamfaa muuzaji kwa njia mbili. Anajua hakika kwamba tatizo lilikuwa kunukuu na si mzigo kupotea, na anaweza kulieleza kosa kwa sentensi moja ambayo yeyote anaweza kuihakiki.

PayPal hukubali rufaa kunapokuwa na taarifa mpya yenye uzito, au kosa katika namna uamuzi ulivyofikiwa. Hapa tuna taarifa mpya: namba sahihi. Lakini ningemshauri muuzaji asiridhike na kuituma namba peke yake. Mtu anayesoma rufaa tayari ameshaona namba moja isiyo sahihi kutoka kwake. Akiletewa ya pili bila kitu cha kuishikilia, ana haki ya kujiuliza kama si namba ya mzigo mwingine uliokwenda Minneapolis siku zile. Jambo hilo hufanyika. Matapeli hutumia namba halali ya mzigo wa mtu mwingine katika mji uleule, na waamuzi wanalijua.

Kwa hiyo kinachohitajika ni karatasi zinazoshikana, kila moja ikiigusa inayofuata.

Ya kwanza ni ukurasa wa muamala wa PayPal wenyewe, unaoonyesha jina la mnunuzi, bidhaa, kiasi na anwani aliyoitoa. Ya pili ni fomu ya forodha iliyobandikwa kwenye mzigo. Vifurushi vinavyokwenda nje huwa na fomu ya CN 23, au ile ndogo ya CN 22, na nakala yake hubaki kwa mtumaji. Wengi huitupa, nao hawajui wametupa nini. Kwenye CN 23 kuna jina na anwani kamili ya mpokeaji, maelezo ya kilichomo, thamani, uzito, na namba ya mzigo. Hiyo ndiyo karatasi pekee inayounganisha namba na mlango wa mteja, kwa kuwa ukurasa wa kufuatilia mzigo ulio wazi kwa watu wote huonyesha mji na msimbo wa posta tu. Hautaji mtaa wala nyumba.

Ya tatu ni risiti ya posta, yenye tarehe, uzito na namba ileile. Risiti nyingi siku hizi huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na ukiiweka kwenye pochi miezi miwili unaweza kuikuta nyeupe. Picha ya risiti inapigwa siku ileile, palepale kaunta. Ya nne ni kumbukumbu ya kufikishwa. Mzigo wa EMS ukiingia Marekani huchukuliwa na posta ya huko, USPS, na namba ileile iliyotoka Kenya hufanya kazi kwenye tovuti yao. Hapa kuna kosa lingine alilolifanya muuzaji: kwa kuchagua “Other” badala ya kumtaja msafirishaji, alimwachia mwamuzi kazi ya kukisia atafute wapi. Kwenye rufaa aandike waziwazi kwamba mzigo ulisafirishwa kwa EMS ya Kenya na kukabidhiwa na USPS, na aweke kiungo cha ukurasa huo.

Kiungo kina nguvu kuliko picha ya skrini, kwa kuwa mwamuzi anaweza kukibofya na kujionea. Picha ya skrini ni ya akiba, kwa maana kumbukumbu za kufuatilia mizigo hufutwa baada ya muda. Ipigwe nzima, anwani ya tovuti ikionekana juu na tarehe ikiwamo. Picha iliyokatwa ikabaki na neno “Delivered” tu haithibitishi chochote, na yenye duara jekundu lililochorwa juu ya maandishi huamsha shaka. Ukitaka kumwonyesha mwamuzi pa kutazama, mwelekeze kwa maneno.

Karatasi hizo nne ziunganishwe ziwe faili moja la PDF, kwa mpangilio nilioutaja, kila ukurasa ukiwa na namba. Kisha ndipo barua iandikwe. Kwa kuwa anayesoma huenda hajui Kiswahili, barua itakwenda kwa Kiingereza chepesi, lakini maudhui yake ningeyapanga hivi:

“Naomba uamuzi wa kesi hii upitiwe upya. Katika jibu langu la tarehe 11 Aprili nilikosea kunukuu namba ya mzigo: tarakimu ya tano na ya sita zilibadilishana. Namba sahihi ni EE104263756KE, kama inavyoonekana kwenye risiti ya posta ya tarehe 5 Machi, ukurasa wa 3, na kwenye fomu ya forodha, ukurasa wa 2. Fomu hiyo ina anwani ileile iliyo kwenye ukurasa wa muamala, ukurasa wa 1. Rekodi ya USPS, ukurasa wa 4, inaonyesha mzigo ulikabidhiwa Minneapolis tarehe 14 Machi, na msimbo wa posta unalingana na wa anwani ya mnunuzi. Dai lilikuwa kwamba mzigo haukufika. Ushahidi huu unaonyesha kwamba ulifika.”

Ndiyo barua yote. Haina tapeli, haina watoto wa shule, haina miaka ya uzoefu. Kukiri kosa mwanzoni si udhaifu. Ndiko kunakomweleza mwamuzi kwa nini jibu la kwanza halikuonyesha kitu na hili linaonyesha. Bila sentensi ile, namba mpya ingeonekana kama hadithi iliyobadilika.

Rufaa hutumwa kupitia “Resolution Center”, kwenye orodha ya kesi zilizofungwa, kwa kitufe cha “Appeal”. Muda wa kawaida ni siku 10 tangu kesi ifungwe. Kwa kesi iliyofungwa tarehe 20 Aprili, mwisho ni tarehe 30. Ukurasa wa kesi ukionyesha tarehe nyingine, fuata ule. Na kwa kuwa rufaa ya pili juu ya jambo lilelile si kitu cha kukitegemea, usitume leo namba peke yake ukidhani kesho utaongeza fomu.

Kuna muuzaji atakayeniuliza: je, kama nakala ya CN 23 nimeitupa? Aende posta alikotuma. Posta inayo kumbukumbu ya mzigo, na mtumaji ana haki ya kuomba uchunguzi. Fomu ya uchunguzi inayotumika kati ya posta za nchi mbalimbali huitwa CN 08, na ina muda maalumu wa kuombwa tangu mzigo utumwe, kwa hiyo uliza posta mapema. Posta ya kwetu huiuliza posta ya kule, nayo hujibu mzigo ulikabidhiwa lini na kwa nani. Jibu hilo ni ushahidi mzito sana, kwa sababu linatoka kwa mtu asiye na upande. Shida yake ni muda: linaweza kuja baada ya siku 10 kupita. Kwa hiyo usilisubiri. Tuma rufaa na ulicho nacho, ambatisha nakala ya ombi la uchunguzi lenye mhuri wa posta, useme jibu linatarajiwa. Na uchunguzi ukionyesha kwamba mzigo ulipotea kweli, basi mteja hakuwa mwongo, na madai yako yanahamia posta, kwa masharti ya fidia ya huduma uliyoilipia. Hapo ndipo risiti ile inapokuwa na kazi ya pili.

Yote haya yanafaa kwa dai la mzigo kutofika. Dai likiwa la aina nyingine, ushahidi huuhuu hauna thamani, na hapa ndipo nimeona watu wakipoteza nguvu nyingi. Mnunuzi akidai kwamba bidhaa ni tofauti na ilivyoelezwa, kwamba vyondo ni vya nailoni na si vya katani, kumletea mwamuzi rekodi ya USPS ni kumjibu swali ambalo hakuliuliza. Kwanza, dai la namna hiyo haliko ndani ya ulinzi wa muuzaji wa PayPal. Linaamuliwa kwa kulinganisha tangazo na kilichopokelewa. Kinachosaidia ni tangazo lenyewe kama lilivyosomeka siku ya mauzo, picha za vyondo vilevile kabla ya kufungwa, na mazungumzo ambamo mteja aliuliza na wewe ukajibu. Na kama ameagizwa arudishe bidhaa, kisha akarudisha boksi lenye matambara, lipime kabla ya kulifungua na upige picha mizani na lebo. Mzigo uliotoka Machakos ukiwa na kilo 3.4 na ukarudi ukiwa na gramu 600 unajieleza wenyewe, kwa kuwa uzito wa kwanza uko kwenye risiti ya posta na wa pili uko kwenye lebo ya posta ya kule.

Jambo lingine la kulitazama kabla ya kuandika rufaa ni nani aliyeamua. Mteja aliyelipa kwa kadi kupitia PayPal anaweza kwenda moja kwa moja kwa benki iliyompa kadi na kuomba fedha zirudishwe. Hapo mwamuzi ni benki. PayPal huupokea ushahidi wako na kuupeleka, lakini haiwezi kuitengua hukumu ya benki. Ukurasa wa kesi hueleza kama ni “Chargeback”. Ukiliona neno hilo, ujue kwamba nafasi yako kubwa ni jibu la kwanza, ndani ya siku ulizopewa, na kwamba karatasi zote nne zinatakiwa ziingie wakati huo.

Na kuna kesi ambazo hata rufaa nzuri haiziokoi. Ile ninayoisikia zaidi ni ya anwani iliyobadilishwa. Mteja analipa, kisha anaandika kwenye WhatsApp: “Tafadhali nitumie kwa shemeji yangu, niko safarini.” Muuzaji mwema anakubali. Mzigo unafika kwa shemeji, rekodi inasema “Delivered”, lakini mji si ule ulio kwenye muamala. Ujumbe wa WhatsApp hautasaidia sana, kwa kuwa sharti ni anwani ya muamala, na mnunuzi atasema simu si yake. Jibu sahihi kwa ombi kama hilo ni kumrudishia fedha na kumwomba alipe upya akiwa ameweka anwani mpya. Mteja wa kweli hukubali, hata kama atalalamika kidogo. Vivyo hivyo kwa mteja anayekuja kuchukua mwenyewe, au rafiki yake anayepita Nairobi: mzigo uliokabidhiwa kwa mkono hauna rekodi ya msafirishaji, na bila rekodi hiyo ulinzi wa muuzaji haupo.

Kwa muuzaji wetu wa Machakos hali ni bora kuliko hiyo. Anwani ni moja, mzigo ulifika, karatasi zipo, na kosa ni la tarakimu mbili ambalo risiti inalisahihisha. Hakuna anayeweza kumwahidi ushindi. Lakini sasa mwamuzi atakuwa na kila kitu ambacho masharti yanakitaka, mbele ya macho yake, kwa mpangilio ambao hauhitaji dakika tano kuusoma.

Nawe kama una kesi iliyofungwa wiki hii, fungua ukurasa wake leo hii, soma dai lilikuwa la aina gani na mwisho wa rufaa ni lini, kisha linganisha namba uliyoituma na ile iliyo kwenye risiti, tarakimu kwa tarakimu. Siku 10 zinahesabiwa tangu kesi ilipofungwa, si tangu ulipoisoma barua pepe.